Vitabu vitatu, nyaya tatu: kipi kiaminiwe?

"Shikamoo mwalimu. Mimi si fundi umeme ila napenda sana kujifunza. Nataka kufunga umeme wa jua nyumbani kwa mikono yangu: taa, friji ndogo, televisheni na kompyuta, kwa inveta ya wati 1000. Nimesoma vitabu vitatu. Kuhusu waya wa kutoka kwenye betri hadi kwenye inveta, cha kwanza kinasema namba 2, cha pili kinasema 35, cha tatu kinasema 16. Rafiki yangu ananiambia nisihangaike maana volti 12 haziumizi mtu. Nisome kitabu kipi, na nitajuaje kwamba niko tayari?"

Marahaba. Nimefurahi umeuliza kuhusu waya huo hasa, kwa sababu ndio ninaoutumia kupimia kitabu chochote cha sola kabla sijamshauri mtu akisome. Na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba huenda vitabu vyako vitatu havipingani kabisa. Kila kimoja kimeandikwa kwa msomaji wake, na wewe umevisoma kana kwamba vyote vinazungumza na mtu mmoja.

Tuanze na "namba 2". Kitabu hicho kinatumia vipimo vya Kimarekani, vile ambavyo kwenye ganda la waya huandikwa AWG. Katika mfumo huo namba ikipanda waya unakuwa mwembamba: namba 14 ni waya wa taa, namba 2 ni waya mnene kama kidole cha mtoto ukihesabu na ganda lake. Shaba ya namba 2 ina eneo la milimita za mraba 33.6. Kitabu chako cha pili kinahesabu kwa milimita za mraba moja kwa moja, na kwa kuwa nyaya za mfumo huo zinauzwa kwa saizi maalumu, kikakuelekeza kwenye 35. Kwa hiyo cha kwanza na cha pili vinakuambia karibu kitu kilekile. Hatari iko kwa msomaji anayeona "2", anakwenda kununua, anakuta waya wa 2.5 na kusema afadhali huu, umezidi kidogo. Amechukua waya wenye shaba pungufu mara 13 kuliko alioambiwa.

Cha tatu, kile cha 16, kirudie taratibu kwenye mfano wake wenyewe. Sina shaka utakuta kinazungumzia betri ya volti 24. Hapo ndipo penye moyo wa jambo lote, nami nitalieleza kwa utulivu kwa sababu ukilielewa hili, vitabu vya sola vitaanza kusomeka kwa namna nyingine.

Inveta haiumbi nguvu. Ukiidai wati 1000 upande wa soketi, lazima ivute zaidi ya wati 1000 upande wa betri, maana yenyewe inapoteza kiasi kama joto. Tuseme inapoteza moja ya kumi. Betri ya volti 12 ikiwa imeanza kuishiwa huku inafanya kazi huwa kwenye volti 11 hivi. Gawanya wati 1000 kwa 11, kisha kwa 0.9, unapata ampea 101. Upande wa soketi, kwa volti 230, nguvu ileile ni ampea 4.3 tu. Ndiyo maana waya mwembamba unaotoka kwenye inveta kwenda kwenye friji unatosha, na waya mfupi ulioko nyuma ya inveta lazima uwe mnene hivyo. Ukitumia betri ya volti 24 ampea zinashuka hadi 50 na kidogo, na waya wa 16 unaingia vizuri. Kitabu chako cha tatu hakikukosea.

Sasa rafiki yako. Ni kweli kwamba ukishika vichwa viwili vya betri ya volti 12 kwa mikono mikavu hutapigwa na umeme. Volti hizo hazitoshi kusukuma mkondo wa hatari kupita kwenye ngozi. Lakini kinachochoma nyumba ni ampea, na volti ndogo ndizo zinazoleta ampea nyingi. Joto linalozaliwa ndani ya waya ni ampea mara ampea mara ukinzani wa waya. Ampea zikiongezeka maradufu, joto linakuwa mara nne.

Tuuweke waya wa 2.5 kwenye hesabu hiyo. Tuseme betri iko mita 2 kutoka kwenye inveta, hivyo umeme unasafiri mita 4, kwenda na kurudi. Vitabu vingi huficha neno hilo "kurudi" kwenye maandishi madogo, nalo ndilo wanaoanza huwa wanalisahau. Ukinzani wa shaba unapatikana hivi:

```
R = 0.0175 × urefu wa kwenda na kurudi (m) ÷ eneo la waya (mm²)
R = 0.0175 × 4 ÷ 2.5 = 0.028 Ω
R = 0.0175 × 4 ÷ 35  = 0.002 Ω
```

Kwa ampea 100, waya wa 35 unapoteza volti 0.2 na kutoa joto la wati 20 lililotawanyika kwenye mita 4 za shaba nene. Ukiugusa utaukuta na uvuguvugu tu. Waya wa 2.5 ungepoteza volti 2.8 na kutoa wati 280, yaani nusu ya kazi ya pasi ndogo, ndani ya ganda la plastiki lililotengenezwa kuvumilia nyuzi 70 tu.

Lakini mambo hayaendi hivyo moja kwa moja, na hili sijalikuta kwenye vitabu vingi. Volti 2.8 zikipotea njiani, inveta inaona volti 9 na kitu, inadhani betri imekwisha, inalia na kujizima. Mwenye nyumba anapima betri, anaikuta imejaa, anaanza kulaumu inveta. Akishapunguza mzigo hadi wati 600, kila kitu kinatulia. Ampea sasa ni 60 hivi, volti zinazopotea ni 1.7, inveta inabaki juu kidogo ya kiwango chake cha kujizima, na waya unakaa ukitoa wati 100 za joto bila kelele yoyote. Mzigo mkubwa unajitangaza. Mzigo wa kati ndio unaoivisha ganda la waya kimyakimya hadi linapasuka.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambako tatizo lilielezwa kuwa ni "inveta inalialia friji ikiwaka". Nilipofungua kabati, ganda la waya mwekundu lilikuwa limegeuka kahawia na kukauka kama gamba la muwa. Fyuzi ilikuwepo, ya saizi nzuri kabisa, ila ilikuwa imefungwa kwenye mwisho wa inveta. Waya wote kati ya betri na fyuzi haukuwa na ulinzi. Ganda lingepasuka popote kwenye mita zile mbili na shaba ikagusa chuma cha kabati, fyuzi isingejua lolote. Aliyefunga alikuwa amesoma. Alinionyesha kitabu chenyewe. Mchoro uliweka fyuzi katikati ya mstari kati ya betri na inveta, bila neno hata moja la kusema iwe karibu na nini.

Fyuzi iko pale kuulinda waya. Kwa hiyo inakaa mahali nguvu inapotokea, karibu na kichwa cha betri kadiri uwezavyo, na saizi yake inafungwa kati ya mipaka miwili: iwe juu ya mkondo wa kawaida ili isikatike ovyo, na iwe chini ya kile waya unachoweza kubeba. Kwa mfano wako, ampea 101 ukiziongeza robo unafika 126, na fyuzi ya kawaida iliyo karibu ni 125. Sasa jiulize: je, waya wa 35 unabeba ampea 125? Majedwali ya kanuni za Uingereza, BS 7671, yanaupa waya wa 35 wenye ganda la kawaida la nyuzi 70 ampea kama 140 ukiwa umebanwa ukutani peke yake, hewa ikiwa nyuzi 30. Unaonekana unatosha. Lakini kabati la betri likiwa na joto la nyuzi 40, jedwali jingine linakutaka uzidishe kwa 0.87, na unabaki na 122. Umeshapungukiwa. Hapo unachagua: ununue waya wa 50, au waya wa 35 wenye ganda linalovumilia nyuzi 90, au uhamie volti 24. Kwa nyumba yenye friji ningehamia volti 24 bila kufikiri mara mbili.

Kitabu kinachokufikisha kwenye sentensi kama hizo ndicho kitabu. Ukishika kitabu kipya, usianze na sura ya kwanza. Karibu kila kitabu cha sola kinafungua kwa jinsi jua linavyogeuzwa kuwa umeme, na sura hiyo ni nzuri lakini haijawahi kuzuia moto. Nenda kwenye mfano wa waya wa betri. Angalia kama mwandishi anataja urefu wa kwenda na kurudi, kama anapunguza uwezo wa waya kwa sababu ya joto, kama anasema fyuzi ikae upande gani. Kisha tafuta kama anaeleza uwezo wa fyuzi kukata shoti, kwani ndipo waandishi wengi wanapokwama.

Fyuzi ina namba mbili. Moja ni ile unayoijua, ampea 125. Nyingine ni ampea kubwa kuliko zote ambazo inaweza kuzikata bila yenyewe kulipuka. Betri ikipigwa shoti haitoi ampea 125. Betri ya risasi na asidi ya saa-ampea 100 inaweza kutoa maelfu mawili na zaidi kwa muda mfupi, na za lithiamu chuma fosfeti zinaweza kupita hapo. Fyuzi ya bei rahisi yenye uwezo wa kukata ampea 1000 ikikutana na shoti ya namna hiyo inaweza kuendelea kuwaka ndani kwa ndani. Ndiyo sababu kwenye betri za lithiamu utaona wanaojua wakisisitiza fyuzi ya daraja T, yenye uwezo wa kukata ampea 20,000. Kitabu kinachosema tu "tumia fyuzi inayofaa" kimekuacha mlangoni.

Kuna ndugu wa jambo hili: breka. Umeme wa soketi, ule wa AC, hubadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde ukiwa wa hezi 50, hivyo cheche kati ya meno ya breka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri na paneli, ule wa DC, haupiti kwenye sifuri kamwe. Cheche ikishika inaweza kubaki imesimama kama moto wa kulehemu. Kwa hiyo breka ya nyumbani iliyoandikwa AC peke yake haiwekwi kwenye upande wa paneli wala betri, hata kama ampea zinalingana. Kitabu kinachoonyesha picha ya breka bila kutofautisha hizo mbili, kirudishe rafuni.

Angalia pia mwaka wa chapa. Vitabu vingi vizuri vya zamani vinadhani betri yako ni ya risasi: vinakufundisha kujaza maji, kupitisha hewa ili haidrojeni isikusanyike, kuchaji kwa kupita kiasi kidogo mara kwa mara ili kusawazisha seli. Hayo yote ni kweli kwa betri hizo. Ukiichukua sura hiyohiyo ukaipeleka kwenye betri ya lithiamu chuma fosfeti utaiharibu, kwa kuwa yenyewe haitaki usawazishaji wa namna ile na haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Hesabu ya waya na fyuzi haizeeki. Sura ya betri inazeeka upesi.

Sasa nijibu nisome kipi. Huhitaji kitabu cha nne cha sola. Unachokosa ni kitabu cha nyaya za nyumba, na kiwe cha nchi yako. Kila nchi ina kanuni zake za ufungaji: Marekani hutumia NFPA 70, ambayo sehemu yake ya 690 ni ya umeme wa jua, Uingereza ina BS 7671 niliyoitaja, nchi nyingi nyingine hujenga kanuni zao juu ya IEC 60364, na humo sehemu ya 712 ndiyo ya sola. Kanuni zenyewe ni ngumu kusoma, hivyo tafuta kitabu cha mafunzo ya mafundi wa mwaka wa kwanza kinachofuata kanuni za kwako na toleo linalotumika sasa. Rangi za nyaya, namna erthi inavyounganishwa na nyutro, vifaa vinavyotakiwa kukata umeme ukivuja, vyote hivyo vinatofautiana kati ya nchi na nchi. Kitabu cha kigeni kinaweza kukufundisha rangi ya waya hai ambayo kwenu ni ya nyutro, na kosa hilo halisamehe.

Kisome hicho kwanza, angalau hadi umalize sura za ukinzani, majedwali ya waya na erthi. Ndipo urudi kwenye kitabu chako cha sola kile chenye mifano iliyokamilika. Cha mwisho, na kinachoshinda vyote viwili pale vinapogongana, ni kijitabu cha mtengenezaji wa inveta na cha betri. Humo kuna saizi ya waya na fyuzi zilizopimwa kwa kifaa hichohicho. Kipakue na kukisoma kabla hujanunua. Watu wengi hukifungua siku ya kufunga, wakati waya umeshakatwa.

Ukaniuliza utajuaje kwamba uko tayari. Chora mfumo wako wote kwenye karatasi moja. Kwenye kila waya andika ampea za juu kabisa, urefu wa kwenda na kurudi, eneo la shaba, joto la mahali ulipo, na fyuzi inayoulinda na upande ilipo. Kwenye kila fyuzi na breka andika volti zake, kama ni ya DC, na uwezo wake wa kukata shoti. Pale utakaposhindwa kujaza namba, ndipo hujasoma vya kutosha. Usinunue kitu hadi karatasi ijae.

Upande wa volti 12 au 24 unaweza kuufunga mwenyewe kwa karatasi hiyo, ukiwa umevua pete na saa, na spana yako umeifunga mpini kwa tepu ya umeme, kwa sababu spana ikiangukia vichwa viwili vya betri inaweza kugeuka nyekundu mkononi mwako. Ukimaliza, washa mzigo wa wati 600 kwa nusu saa. Pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye vichwa vya inveta. Tofauti ikizidi volti 0.3, kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Gusa kila kiungo kwa mgongo wa mkono na kile chenye joto ndicho mgonjwa. Mara nyingi kosa ni kichwa cha shaba kilichobanwa kwa koleo badala ya mashine yake, na hakuna picha ya kitabuni itakayokufundisha jinsi mbano mzuri unavyohisi. Omba fundi akuonyeshe mmoja, ubane mitano mbele yake.

Paneli nazo zinataka tahadhari yake. Hazina swichi ya kuzima jua. Zikiwa nje mchana zina volti hata kama hazijaunganishwa na kitu. Paneli mbili au tatu zikipangwa mfululizo zinaweza kufika volti mia na zaidi, na asubuhi ya baridi volti hizo hupanda kupita zile zilizoandikwa mgongoni mwa paneli. Zifunike unapounganisha, na usichomoe kiungo chochote wakati mkondo unapita.

Upande wa volti 230 sikushauri uufunge peke yako, hata ukisoma rafu nzima. Sababu yangu ni erthi. Inveta nyingi ndogo hutoa umeme ambao nyutro yake haijaunganishwa na erthi, na katika hali hiyo kile kifaa cha kukata umeme unapovuja kinaweza kukaa kimya huku mtu ameshika waya hai na sehemu ya pili yenye hitilafu. Inveta nyingine huharibika ukiunganisha nyutro na erthi bila ruhusa ya kijitabu chake. Mahali sahihi pa muungano huo panategemea inveta, nyumba na kanuni zenu, na kuhakiki kwamba kifaa kinakata kunahitaji kipimo ambacho maltimita ya kawaida haina. Muite fundi mwenye leseni kwa sehemu hiyo, umpe karatasi yako aikague yote, pamoja na upande wa betri.

Na kama nyumba yako ina umeme wa gridi, usiunganishe inveta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, hata kwa jaribio la dakika moja. Umeme wako utatoka nje, utapita kwenye transfoma kinyumenyume na kupandishwa hadi maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa. Kati ya gridi na inveta lazima kuwe na swichi ya chenjiova inayozuia zote mbili kuwaka pamoja, na hiyo pia ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Ukishaijaza karatasi yako, niandikie mambo matatu: volti ulizochagua, urefu wa waya wa betri, na joto la mahali utakapoliweka kabati. Kwa hayo tutajua kama 35 inabaki, au tunashuka hadi 16 ya volti 24.